Bosi anataka siku thelathini, na mama yake kijana ni jirani yetu

Assalaam alaykum Bi Mkubwa,

Mimi ni mkuu wa bukingi katika hoteli ya vyumba 38 huku mashamba, upande wa mashariki ya Unguja. Chini yangu wako vijana wawili, mmoja zamu ya asubuhi na mmoja ya jioni. Taabu yangu ni huyu wa asubuhi. Miaka mitatu alikuwa mapokezi na wageni walimpenda kweli. Mwezi wa nane, dada aliyekuwa meza yangu alipoolewa akaacha kazi, tukamhamishia kwangu. Tangu hapo imeili za maajenti zinalala, majina yanakosewa, tarehe zinakosewa, na mwezi uliopita familia mbili zilifika jioni moja, chumba kimoja. Moja tuliipeleka hoteli ya jirani kwa gharama zetu.

Mimi nimekuwa nikimsitiri. Usiku nikiwa nyumbani hufungua simu, nikapitia alivyoingiza na nikarekebisha kimya kimya. Hata tathmini ya mwezi wa kumi na mbili nilimwekea "nzuri", maana sikutaka akose bonasi. Mama yake ni jirani yetu, mlango kwa mlango, na mama yangu alipougua ndiye aliyemuuguza. Namwonea muhali.

Sasa bosi amepata habari za ule usiku. Ameniambia nimwandikie kijana mpango wa kuboresha utendaji, siku 30, na ameniletea fomu ya Kiingereza aliyopewa na rafiki yake wa Dar es Salaam. Malengo yake ni ajitume zaidi, asifanye kosa lolote, ajibu imeili kwa wakati. Kisha akaniambia kwa sauti ndogo, "Ikifika siku ya thelathini tunaagana naye." Ramadhani inaingia wiki sita kutoka sasa, na mwezi wa tano hoteli hufungwa.

Kijana anajua kuwa hafanyi vizuri, naliona usoni mwake. Mapokezi wakikosa mtu wanamwita yeye, naye huenda. Nataka kuandika karatasi ya haki yenye malengo ya kupimika, lakini sijawahi kuandika. Nikiandika kali, nitakuwa nimemfukuzisha mtoto wa jirani. Nikiandika laini, bosi ataona namkinga. Nifanyeje?

Wa Mashariki, Unguja

*

Waalaykumu salaam mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara jicho langu limesimama pale unaposema anajua kuwa hafanyi vizuri, unaliona usoni mwake. Uso si karatasi. Kijana aliyetolewa mapokezi, alikopendwa, akakaa peke yake mbele ya kompyuta, anaweza kununa kwa mambo mengi. Wewe unasahihisha usiku, asubuhi anakuta kila kitu kiko sawa, na mwisho wa mwaka anapewa "nzuri" pamoja na bonasi. Mimi ningekuwa yeye, ningeamini nini?

Sikusemi kwa kumsitiri. Muhali ni sehemu ya ujirani wetu, na aliyekuuguzia mama hawezi kuwa mtu baki. Lakini ona ulikotufikisha: bosi ana tukio moja mkononi, wewe una makosa mengi kichwani, na kijana hana hata moja aliloambiwa. Mpango ukitua mezani kwake hivyo, atauona umeshuka kutoka mbinguni. Na huyo mpatanishi wa migogoro ya kazi, ikifika huko, ataweka tathmini yako ya mwezi wa kumi na mbili upande mmoja na mpango wako upande wa pili, akuulize ipi ya kweli.

Kwa hiyo, kabla ya lengo lolote, kaa naye faraghani dakika ishirini. Mwambie kuwa umekuwa ukirekebisha kazi yake bila kumwambia, kwamba tathmini ile ilikuwa laini kuliko kazi, na kwamba hilo ni kosa lako. Itakuuma. Lakini sentensi hizo hizo ndizo zitakazokuwa aya ya kwanza ya mpango, na bila hizo yaliyobaki yatasomeka kama mtego.

Hiyo fomu ya Dar es Salaam mrudishie bosi kwa adabu. Mambo ya ajira hayamo kwenye Muungano. Bara wana Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Namba 6 ya mwaka 2004, na migogoro yao huenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Huku kwetu tuna Sheria ya Ajira Namba 11 ya mwaka 2005, na mlango wa kubisha ni Kamisheni ya Kazi. Nimewahi kuona mpango uliopelekwa kwa mfanyakazi wa hapa Unguja ukimtaka apeleke malalamiko yake kwenye tume ya Bara. Ukurasa wa kwanza tu, na mwajiri ameshaonyesha kuwa hakusoma alichotia saini. Mwandikie kijana kwa Kiswahili, lugha anayoielewa bila kukisia. Bosi akitaka nakala ya Kiingereza, iambatanishwe.

Kuhusu siku 30 na maneno yale ya sauti ndogo, ninalo la kumwambia bosi ambalo si la huruma. Shirika la Kazi Duniani, katika Pendekezo lake namba 166 la mwaka 1982, linataka mambo matatu kabla mtu hajaachishwa kwa utendaji duni: awe amepewa maelekezo yanayofaa, awe ameonywa kwa maandishi, na awe amepewa muda wa kutosha wa kujirekebisha na bado asirekebike. Pendekezo si sheria, ila wapatanishi wengi huuliza maswali ya namna hiyo hiyo. Hapo hotelini kwenu, maelekezo hayajatolewa, onyo halipo, na muda umepangwa kuisha kabla haujaanza. Bosi akishaamua, basi huo si mpango, ni karatasi ya kufunikia uamuzi, na mwenye saini chini ya karatasi hiyo ni wewe.

Sasa tuingie kwenye kazi yenyewe. Swali la kwanza si "lengo liwe ngapi", bali "leo yuko wapi". Watu wengi wanarukia lengo, ndiyo maana wanaishia na "asifanye kosa lolote". Chukua wiki nne zilizopita. Fungua imeili za zamu ya asubuhi, hesabu maombi ya vyumba yaliyoingia, na kwa kila moja andika saa iliyofika na saa iliyojibiwa. Kisha fanya vivyo hivyo kwa kijana wa jioni, maana yeye ndiye kipimo chako cha haki: meza ile ile, programu ile ile, maajenti wale wale.

Tuseme, kwa mfano, umepata maombi 160 ya asubuhi, yaani 40 kwa wiki, na 96 kati yake yalijibiwa ndani ya saa nne. Hiyo ni 24 kwa kila 40. Wa jioni umemkuta na 34 kwa kila 40. Basi lengo la mwisho liwe 34, kwa sababu ndilo ambalo mtu wa kawaida pale anaweza kulifikia. Usiandike 40 kwa 40. Kama hata mzuri wako halifikii, umeandika lengo la kumwangusha, na mwenzake wa jioni akilisikia atajua hivyo kabla ya mtu mwingine yeyote.

Halafu eleza maneno yako, maana ugomvi wote huzaliwa hapo. "Jibu" ni nini? Ukipima kasi peke yake, ndani ya siku tatu utaona majibu ya "Asante, tutakurudia", na hesabu itapendeza huku ajenti hana alichopata. Andika kuwa jibu ni lile lenye mambo matatu: chumba kipo au hakipo, bei yake, na tarehe ambayo chumba kitaachiwa kama hakikuthibitishwa. Saa nne zinaanza lini? Imeili iliyoingia saa nane za usiku kutoka Ulaya ihesabiwe tangu zamu yake inapofunguka. Ombi la bei maalumu linalosubiri kauli ya bosi lisihesabiwe kabisa, maana hapo utakuwa unampima bosi. Nimelicheka hili nikiliandika, lakini nimeliona zaidi ya mara moja.

Na zile saa anazoitwa mapokezi? Umelitaja kama jambo la pembeni, nami naliona ndilo la katikati. Hesabu wiki nne hizo alikwenda mara ngapi na alikaa muda gani. Ukikuta anapoteza hata saa mbili kwa siku, basi sehemu ya zile imeili zilizolala zililala kwa sababu meza ilikuwa tupu. Mpango uandike wazi kuwa kwa muda wake wote hataitwa mapokezi wakati wa zamu, na meneja wa mapokezi aoneshwe mstari huo. Kama hilo haliwezekani, punguza lengo. Huwezi kumkopa mtu miguu kisha ukamlaumu kwa kuchelewa.

Lile la familia mbili na chumba kimoja nalo litazame kwa utulivu. Najua lilivyokutia aibu. Lakini tukio linalotokea mara moja kwa miezi kadhaa halifai kuwa lengo, kwa sababu anaweza kukaa wiki nane bila ya jingine kwa bahati tu, na anaweza kupata jingine siku ya tatu kwa kosa la mtu mwingine. Fuatilia kwanza lilitokeaje. Je, chumba kiliuzwa na ajenti aliyekuwa ametengewa vyumba na hakuambiwa mapema kuwa vimefungwa? Nani alipaswa kumwambia, na je, kijana alifundishwa kuwa hiyo ni kazi yake? Je, mitandao ya kuuzia vyumba inajipunguza yenyewe chumba kikiuzwa, au kuna mtu anayepunguza kwa mkono? Dada yule aliyeolewa alijua hayo yote kwa mazoea, na naogopa aliondoka nayo. Barua yako haisemi popote kuwa kijana alifundishwa. Imesema alihamishwa.

Badala ya tukio kubwa, pima yale madogo yanayolizaa. Kila bukingi ina vitu vitano vya kukaguliwa: jina, tarehe ya kuingia na kutoka, aina ya chumba, chakula alicholipia, na nani analipa. Chukua bukingi 40 za zamani za kijana na 40 za mwenzake. Tena tuseme umekuta 7 zake zina kosa lolote kati ya hayo, na za mwenzake 2. Lengo la mwisho liwe zisizozidi 3 kwa 40. Nimeacha nafasi ya moja makusudi, kwa sababu kwenye idadi ndogo hivi 2 na 3 ni kitu kimoja. Kwa sababu hiyo hiyo usikate shauri kwa wiki moja. Kagua 20 kila wiki, ujumlishe wiki mbili ndipo usome hesabu.

Na bukingi za kukagua usizichague wewe kwa jicho. Chukua kila ya tatu, au ya tano kama ni nyingi, hadi zitimie 20, yeye mwenyewe akiwa amekaa pembeni. Naomba pia mtu wa pili, labda wa uhasibu, awe anahesabu pamoja nawe. Wewe ni jirani. Kijana akipita watasema umempitisha, akianguka watasema umemwangusha, na hesabu ya watu wawili haina mlango wa kuingilia maneno hayo.

Malengo hayo mawili yanatosha. "Ajitume" na "awe mchangamfu" yafute, kwa sababu hakuna siku mtakayokubaliana kuwa yametimia. Kama chini ya "ajitume" kuna kitu unachokiona kwa macho, kwa mfano anafika saa mbili na nusu badala ya saa mbili, hicho ni cha nidhamu na kina njia yake. Usikichanganye humu. Mpango huu ni wa mtu ambaye kazi haijamkalia, si wa mtu mwenye hatia.

Sasa tarehe. Hapa ndipo ninapotofautiana sana na siku 30, na kalenda yetu inanisaidia. Wiki mbili za mwanzo ziwe za kufundishwa, bila hesabu yoyote ya kumlaumu. Akae zamu mbili au tatu na mwenzake wa jioni, na wewe umwandikie kwenye ukurasa mmoja hatua za kufunga siku: nani anaambiwa vyumba vimekwisha, saa ngapi, kwa njia gani. Kuanzia wiki ya tatu mhesabu. Mapitio ya kwanza yawe mwisho wa wiki ya nne, na lengo hapo liwe dogo, tuseme 28 kwa 40. Mapitio ya pili mwisho wa wiki ya sita, 31 kwa 40. Ya mwisho ni wiki ya nane, 34. Makosa nayo yashuke kwa ngazi, yasizidi 5, kisha 4, kisha 3. Mtu akipewa ngazi, wiki ya nne utajua kama anapanda. Akipewa lengo moja la mwisho, utajua siku ambayo umeshachelewa kumsaidia.

Ramadhani inaingia wiki ya saba. Mwislamu mwenzangu, sikwambii usimame kupima kwa sababu ya funga, kazi zinaendelea na wengi wetu tumefunga tukafanya kazi miaka yote. Lakini zamu zenu zitabadilika, na kipimo kibadilike nazo. Kama zamu yake itafupishwa kwa saa mbili, andika leo, kabla mwezi haujaandama, kuwa saa nne zitahesabiwa ndani ya zamu mpya na kinachobaki kinaanza kesho yake. Mapitio ya mwisho yataangukia kumi la pili, na hiyo naiona sawa. Usiyasogeze yakafika kumi la mwisho au wiki ya Idi. Kumkalisha mtu na hesabu ya kazi yake wakati nyumbani wanashona nguo za watoto si jambo ambalo jirani hulisahau.

Kuna mtu atakwambia kuwa masika hakuna wageni, kwa hiyo ndiyo muda mzuri wa kumpima taratibu. Wewe unajua zaidi ya huyo. Mapokezi yakiwa kimya, meza ya bukingi huenda ndiyo inapata maombi ya kusi, ya mwezi wa saba na wa nane. Hesabu imeili, usihesabu wageni. Ila zikishuka hadi kumi na mbili kwa wiki, acha kusoma hesabu ya wiki moja moja, maana imeili mbili tu zitamfanya aonekane shujaa au mvivu. Na mwezi wa tano, hoteli ikifungwa, mpango wowote uliobaki wazi usimame, tarehe za kusimama na za kuendelea ziandikwe.

Mikutano ya mapitio iwe ya dakika ishirini, siku na saa ile ile, yenye karatasi moja: hesabu, alichosema yeye, ulichoahidi wewe, saini mbili. Saini yake ina maana amepokea, haina maana amekubali, na hilo liandikwe juu ya mstari wa saini. Akikataa kutia, asiburuzwe. Mtu wa uhasibu aandike kuwa alikuwepo na karatasi ilisomwa.

Nakuhadithia jambo langu. Zamani, katika hoteli moja niliyofanya kazi, nilisimamia mpango wa miezi mitatu wa mtu wa stoo. Malengo yalikuwa mazuri, niliyaandika mwenyewe na nikajivunia. Meneja wake alikuwa na mikutano mitatu ya mapitio, akafanya mmoja. Wa pili aliahirisha kwa sababu ya kundi la wageni, wa tatu akasahau. Tulipofika kwenye usuluhishi hakuna aliyeuliza kuhusu malengo yangu. Tuliombwa karatasi za mapitio, nami nikatoa moja. Tulilipa. Tangu siku ile nikisoma mpango, naanza na kalenda ya meneja kabla ya malengo ya mfanyakazi. Tazama yako: una safari, una likizo, una ukaguzi? Tarehe usiyoweza kuishika usiiandike.

Mwisho wa karatasi andika, tangu siku ya kwanza, nini kitafuata. Akifikia malengo, mpango unafungwa kwa barua na hauningʼinii juu ya kichwa chake. Akikaribia na anapanda, anaongezewa wiki nne baada ya Idi, mara moja tu. Asipofikia, kunafanyika kikao ambacho atasikilizwa, akiwa na mtu wake akitaka, na hapo ndipo litaamuliwa jambo, pamoja na lile la kurudi mapokezi.

Lakini huko kurudi mapokezi unaweza usikungoje hadi mwisho. Umejiuliza kama anataka hii meza? Aliyekuwa akipendwa kule huenda alikubali kuhamishwa kwa sababu hakuona njia ya kukataa, na huenda yeye pia anakuonea muhali wewe. Ukimuuliza kwa dhati akasema anataka kurudi, na nafasi iko, na mshahara wake haushuki, mpango wote huu unaweza kuwa hauna haja. Hatari yake ni kwamba ukilitoa wewe kwa mdomo wa mkubwa, atalisikia kama amri, na watu watasema ameshindwa. Na kama bosi atatumia uhamisho huo kumpunguzia mshahara, umemtoa shimoni ukamtia kisimani. Muulize, kisha mpe siku mbili tatu za kufikiri, na ajue kuwa jibu lolote halimharibii kitu.

Njia nyingine, ya kuandika anavyotaka bosi ukasubiri siku 30, siwezi kukwambia haipo. Wengi huipita, na wewe una ajira yako na watu wanaokutegemea. Ila hesabu pia kwamba atakayeulizwa ni wewe uliyekuwa unarekebisha usiku. Labda ukimpelekea bosi hesabu za wiki nne, ya asubuhi na ya jioni kwenye karatasi moja, pamoja na saa alizoitwa mapokezi, atasikiliza kwa namna nyingine. Wenye mahoteli niliowajua hawakupenda nasaha, lakini walikuwa wakisoma tarakimu. Mwambie wiki nane zina gharama, na kuleta mfanyakazi mpya wa kufundisha kabla ya kusi nako kuna gharama, naye achague akijua.

Na mama yake? Usimwambie kitu. Si kwa kuficha, ila habari hii ni ya mwanawe, na yeye ndiye mwenye haki ya kuipeleka nyumbani au kuiacha kazini. Akikuuliza uani, mjibu kuwa ya kazini huyazungumzi uani, ya mtu yeyote, na umkaribishe chai.

Unaloweza kulianza usiku huu ni dogo. Ukifungua simu ukakuta tarehe imekosewa, mgeni asiumie, irekebishe. Lakini safari hii andika namba ya bukingi na kosa lenyewe, na asubuhi, kabla hajawasha kompyuta, vuta kiti ukae naye umuoneshe.